Tazama mstari kabla ya pau

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya grafu ya tabianchi kutoka kwenye karatasi yake ya jiografia. "Kaka, mvua kubwa ni Juni hadi Agosti. Hii si monsuni?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Jibu hilohilo liliwahi kuninyima alama zote za swali, na ule mkwaruzo wa kalamu nyekundu bado naukumbuka.

Grafu yangu ilikuwa ya mji usiotajwa jina. Niliona pau ndefu katikati ya mwaka, nikaandika "monsuni" na kujiona bingwa. Mstari wa jotoridi niliuchukulia kama pambo tu.

Laiti ningeufuata kwa kidole! Ulianza juu mwezi Januari, nyuzi 21 hivi, ukashuka hadi karibu 12 Julai, halafu ukapanda tena, kama bakuli. Bakuli maana yake baridi iko katikati ya mwaka, kwa hiyo mahali hapo pako kusini mwa ikweta. Kaskazini mstari huwa kilima, na karibu na ikweta hulala karibu tambarare. Kumbe mvua yangu ya Juni ilikuwa mvua ya baridi! Monsuni hunyesha wakati wa joto, nchi kavu inapopata moto na kuvuta hewa yenye unyevu kutoka baharini. Mji wangu ulikuwa Cape Town, ambako pepo za magharibi huleta mvua majira ya baridi, na kanieneo kubwa huizuia majira ya joto. Hiyo ni Mediterania.

Jamani, acheni papara. Ukishajua joto liko upande gani, pima. Kwa kanuni ya Köppen ya kuainisha tabianchi, ili mahali pawe Mediterania, mwezi mkavu kuliko yote wa majira ya joto uwe chini ya milimita 40, tena usifikie theluthi ya mwezi wenye mvua nyingi zaidi wa majira ya baridi. Kwangu Februari ilikuwa na 15 hivi na Juni 90 hivi. Theluthi ya 90 ni 30, kwa hiyo imepita.

Soma kila kitu kwenye kipimo chake lakini. Msomaji wangu alisoma mstari kwenye kipimo cha mvua, akapata Januari yenye nyuzi 60. Hakuna mahali duniani penye wastani wa mwezi wa namna hiyo, na namba kama hiyo ikitokea ujue umeangalia upande usio wake.

Tuliporudia pamoja, mstari wake nao ukawa bakuli, nami nikamwambia kwa majivuno kwamba ni Mediterania. Akapima mwenyewe: mwezi mkavu wa joto milimita 45, mwezi wa mvua nyingi 95. Haikupita hata kanuni moja. Mvua yake ni ya mwaka mzima, inazidi tu kidogo wakati wa baridi, na mwezi wa joto kali haufiki nyuzi 22: tabianchi ya bahari ya pwani za magharibi. Haya, nami nilikuwa nimetazama umbo tu.