Saa yangu ya mbili na mpira wake

Mwaka jana nilimaliza karibu mwezi mzima nikigombana na mwanangu wa miaka 16. Mimi nasema saa mbili awe ndani, yeye anarudi saa nne na nusu. Nikimnyang'anya simu, ananuna siku tatu. Hapa Ng'ambo, mjini Unguja, nyumba zimeshikana, basi mtaa mzima ukajua habari zetu.

Kosa langu lilikuwa kumvizia mlangoni na kumuuliza, "Kwa nini umechelewa?" Mtoto akiulizwa hivyo usiku huona ameshitakiwa, naye hujitetea au husema uongo. Nikangoja Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nakuna nazi, naye yuko karibu. Nikamwambia, "Hebu nieleze mwanangu, ukiondoka barazani saa mbili unakosa nini?"

Kumbe mpira! Mechi ya mwisho ya Jumamosi ya Uingereza, wakati wa baridi yao, kwetu huanza saa mbili na nusu na kwisha kiasi cha saa nne na nusu. Amri yangu ilikuwa inamtoa kabla haujaanza. Na simu hukesha nayo kwa sababu bando la usiku wa manane ni rahisi, ndipo anapopakua masomo ya hisabati. Yote si hisabati, najua, lakini siku ile sikumkatiza. Nilimrudishia maneno yake kama nilivyoyafahamu, mpaka akasema, "Ndiyo, mama, hivyo hivyo."

Zamu yangu ikawa ngumu zaidi. "Nataka urudi saa mbili" ni amri, haielezi ninachokiogopa. Nilipojichunguza nikaona mambo mawili: kiza kikiingia sijui yuko wapi, na asubuhi haamki kwa Alfajiri wala skuli.

Tukataja njia zote, hata za kuchekesha, kabla ya kuchagua. Siku za skuli atarudi baada ya Isha, maana Isha inajulikana na hatubishani saa ya nani iko mbele. Jumamosi ya mechi atabaki mpaka iishe, arudi pamoja na mtoto wa jirani, na aniarifu anapoanza kuondoka. Bando la mchana nitalinunua mimi, simu italala sebuleni. Hili la sebuleni nilimwambia wazi kwamba halina mjadala. Kujifanya unashauriana na umeshaamua, watoto hulijua haraka. Tukapeana wiki mbili za kujaribu.

Jumamosi ya pili saa tano ikapita, kimya. Alipofika, simu ilikuwa imezima chaji, na nambari yangu haijui kwa moyo, imo ndani ya simu tu. Sikupiga kelele. Asubuhi tukaongeza sharti moja: simu ikizima, aazime ya mwenzake. Akaiandika nambari yangu nyuma ya daftari la hisabati, akawa anaisoma kwa sauti huku anakunywa chai.