Uchachu, ugwadu na ukakasi: kutafsiri kadi za ladha

"Kadi ya kahawa nimeitafsiri hivi: 'uchachu unaong'aa, mwili wa kati, mwisho mkavu.' Msomaji wa kwanza kaniuliza kama kahawa imeharibika. Nimekosea wapi?"

Umekosea kwenye neno la kwanza kabisa, na mimi nililikosea hivyohivyo miaka yangu ya mwanzo. Kitu kikichacha kimeharibika. Ndiyo maana msomaji wako kashtuka. Anayeandika kadi anasifia ladha ya asidi za matunda, na Kiswahili kina jina lake: ugwadu, ule unaoukuta kwenye ndimu au embe bichi. Uchachu uuweke akiba kwa kahawa iliyochachuka kupita kiasi wakati wa kuandaliwa, yenye harufu ya siki.

Kama kadi haieleweki, onja. Weka gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, subiri dakika 4, vunja utando wa juu, uutoe, kisha onja ikiwa moto na tena ikiwa vuguvugu. Ugwadu mzuri huja na utamu kinywaji kikipoa. Siki hubaki siki, tena huzidi. Hiyo "unaong'aa" itupe. Andika "ugwadu mchangamfu".

"Mwili" nao utupe. Sema "nzito mdomoni" au "nyepesi mdomoni", na hilo "mdomoni" usilisahau, maana "kahawa nzito" peke yake watu huelewa kahawa iliyokolea. Maziwa na maji hutofautiana uzito mdomoni hata bila sukari wala majani.

Sasa "mwisho mkavu". Hapa ndipo Kiswahili kinatuzidishia raha, kwa sababu neno ukakasi linasema kwa pumzi moja kile ambacho kadi inakizungushia. Loweka majani ya chai nyeusi dakika 10, kunywa bila maziwa, halafu pitisha ulimi kwenye fizi: unakwaruza kama umetafuna ndizi mbichi. Hiyo si ladha, ni mguso. Tanini zinashikana na protini za mate na utelezi unapotea. Wengi huuita uchungu. Uchungu unausikia ulimini, ukakasi unakausha hadi mashavu kwa ndani. Ukakasi kidogo kwenye chai ni sifa, huifanya isipooze.

Kadi yako ningeiandika: "Ugwadu mchangamfu, uzito wa wastani mdomoni, ukakasi kidogo ukishameza." Mpe mtu ambaye hajaiona ile ya awali airudishe kwenye lugha ya kadi ya awali. Akikuletea neno la kuharibika, bado kuna kitu.

Kwa viungo, jihadhari na "kali", linabeba kila kitu. Pilipili manga inawasha, tangawizi inaacha joto kooni, karafuu inatia ganzi ulimini. Hiyo ganzi ni ya eujenoli, kemikali iliyo kwenye mafuta ya karafuu, na karafuu isiyoitia kabisa huenda imekaa sana.