Lossless kwenye simu na visikilizi vya Darajani: nilivyojipima mwenyewe

"Wakuu, nina simu ya Android ya kawaida na visikilizi vya Bluetooth nilivyonunua Darajani kwa elfu thelathini. Programu ya muziki inanihimiza niwashe Lossless, na juu yake ipo Hi-Res. Kuna tofauti nitakayoisikia kweli, au nitamaliza bando bure?"

Utamaliza bando, sheikh. Lossless ni muziki uliohifadhiwa bila kupunguzwa kitu, na Hi-Res ni huohuo wenye vipimo vingi kuliko vya CD. Lakini usidhani nabeza tu. Mie mwenyewe niliapa mbele ya watu barazani kwamba tofauti naisikia, tena naisikia sana, na nikaja kuumbuliwa na mpwa wangu wa miaka 19.

Nianze na bando maana ndilo lililoniuma kwanza. Nakaa Bububu, kazi yangu iko mjini, na daladala kwenda na kurudi ni kama saa moja ukichanganya na foleni. Siku niliyowasha Hi-Res nilisikiliza albamu moja ya piano, asubuhi nusu, jioni nusu. Bando langu la GB 3 la wiki nzima likakata kabla sijashuka. Nikataka kulaumu mtandao, kumbe hesabu yenyewe ndivyo ilivyo. Kwa makadirio ya Apple kwa huduma yao, wimbo wa dakika 3 katika ubora wa kawaida wa juu, yaani uliobanwa kwa AAC ya kilobiti 256 kwa sekunde, ni kama MB 6. Ukiwasha Lossless unafika hadi MB 36. Ukipanda Hi-Res, hadi MB 145. Zidisha hiyo ya mwisho kwa dakika 60, unapata karibu GB 2.9. Na hapo nilikuwa ndani ya daladala, dirisha wazi, utingo anapiga bati. Piano yenyewe nilikuwa naisikia nusu nusu.

Sasa kuhusu kuumbuka. Mie hurekodi mazoezi ya kikundi cha taarab cha jamaa zangu Mji Mkongwe, kwa mashine ndogo ya mkononi, faili za WAV zisizobanwa, za biti 24 na kHz 96. Kwa hiyo nina kitu ambacho wasikilizaji wengi hawana: najua sauti ilitoka wapi, nilikuwepo, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ilikuwa mita mbili mbele yangu. Nilimwambia mpwa wangu, "Hii ndiyo Hi-Res, sikiliza zile nyuzi." Akasikiliza, akaniuliza, "Mjomba, mbona hii ina sauti kubwa kuliko ile nyengine?" Nikaangalia. Kweli, programu niliyochezea ile nyengine, MP3 ya mazoezi yaleyale, ilikuwa imewashwa kipengele cha kusawazisha sauti, kinachoteremsha nyimbo zote zilingane. Ile ya WAV niliichezea kwenye programu nyengine isiyokuwa nacho. Tofauti ilikuwa ndogo, huwezi kuiita kelele, lakini sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, iliyo kubwa kidogo huiona ndiyo safi, ndiyo nene, ndiyo yenye uhai. Mie nilikuwa nasifia ukubwa wa sauti na kuuita ubora.

Tukaamua kufanya kwa haki. Kwenye kompyuta nilichukua kipande cha nusu dakika ambapo kanuni inaanza peke yake, kisha rika, lile tari dogo lenye njuga, na fidla vinaingia. Nilichagua hapo makusudi, kwa sababu njuga za rika ndizo zinazoisumbua MP3 kuliko sauti ya mtu au besi. Nikatengeneza faili za kulinganisha hivi, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i kanuni.wav -ar 44100 -sample_fmt s16 cd.wav
ffmpeg -i cd.wav -b:a 320k k320.mp3
ffmpeg -i cd.wav -b:a 128k k128.mp3
ffmpeg -i k320.mp3 b.wav
ffmpeg -i k128.mp3 c.wav
```

Mstari wa kwanza unaishusha WAV yangu hadi ubora wa CD, miwili inayofuata inaibana kuwa MP3 za kilobiti 320 na 128, na miwili ya mwisho inazirudisha MP3 kuwa WAV. Kilichopotea hakirudi, ila faili zote zinakuwa na umbo moja na ukubwa unaokaribiana, na zote zinachezwa na programu moja, kwa sauti ileile. Mpwa wangu akashika simu, mie nikampa mgongo. Ananichezea ya kwanza, ananichezea ya pili, kisha anarusha sarafu na kunichezea moja ya hizo bila kuitaja. Mie nasema ni ipi, yeye anaandika. Mara 16 kwa kila jozi, na tulipumzika katikati kwa sababu sikio linachoka. Idadi hiyo si ya kubuni tu: mtu anayebahatisha atapata 12 au zaidi kati ya 16 chini ya mara 4 katika majaribio 100. Ukipata 12, unasikia kitu. Ukipata 8 au 9, unarusha sarafu na wewe.

Kwa visikilizi vya waya, CD dhidi ya MP3 ya 128 nilipata 14. Ile sikupata taabu, njuga za rika zilikuwa kama zinapigwa ndani ya maji. CD dhidi ya MP3 ya 320 nilipata 9. WAV yangu ya biti 24 dhidi ya CD nilipata 7, yaani ningefumba macho na kujibu ovyo ningeweza kupata zaidi. Mpwa wangu, mwenye masikio mapya, alipata 10 kwenye ile ya 320 na akakasirika, akataka kurudia. Akarudia, akapata 8.

Sababu ya Hi-Res kutosikika haina siri. CD inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na hizo zinatosha kubeba sauti hadi kidogo juu ya kHz 20, ambako ndiko sikio la kijana mzima linakoishia. Kwa udadisi tulijipima na programu ya kutoa mlio mmoja: mpwa wangu alisikia mpaka 17, mie na miaka yangu 46 nilikoma kwenye 13. Hiyo kHz 96 au 192 inabeba sauti za popo. Na zile biti 24 zina faida kubwa wakati wa kurekodi, kwa sababu naweza kuweka kiwango chini nisiharibu pale mwimbaji anapopandisha ghafla. Wakati wa kusikiliza, biti 16 tayari zinakupa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kimya na kishindo. Feni ya dari tu inakula sehemu nzuri ya nafasi hiyo.

Hayo yote ni kwa waya. Wewe una Bluetooth, na hapa ndipo jibu lako lilipo hasa. Simu haipeleki faili ya Lossless kwenye visikilizi. Inaifungua, inaichanganya na milio mengine ya simu, halafu inaibana upya kwa kodeki, yaani njia ya kubana sauti, ambayo simu na visikilizi vinaielewa vyote viwili. Sauti ya CD ikiwa wazi ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kodeki ya SBC, ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth kinayo, kwa kawaida huishia kama 328. Kwa hiyo umenunua maji ya mtungi mzima ili uyapitishe kwenye mrija wa soda. Hata Apple wanasema wazi kwamba Bluetooth haipitishi Lossless, na wao ndio wanaoiuza, japo tangu Juni 2021 wameitia ndani ya bei ileile.

Angalia mwenyewe unatumia ipi. Nenda `Settings`, `About phone`, gusa `Build number` mara saba mpaka ikuambie umekuwa developer. Katika baadhi ya simu namba hiyo imefichwa hatua moja ndani zaidi. Kisha unganisha visikilizi, cheza wimbo, uingie `Developer options` utafute `Bluetooth audio codec`. Lazima wimbo uwe unacheza, la sivyo unaweza kuona kitu kisicho cha kweli. Vyangu vya Darajani, vilivyoandikwa HIFI kwa herufi za dhahabu kwenye boksi, vilisoma SBC. Nilirudia jaribio la CD dhidi ya 320 kupitia hivyo, nikapata 8 kamili.

Ukikuta LDAC, kodeki nyengine inayopitisha zaidi, hali ni tofauti kidogo. Ina ngazi tatu, 330, 660 na 990, na ya juu ni nzuri kweli. Ila ikiachiwa kujichagulia, hushuka pale mawimbi yanapobanana. Kaa nyumbani peke yako, utapata 990. Ingia gatini Malindi wakati boti ya Pemba inapakia, kila mtu na Bluetooth yake, ukiilazimisha 990 itaanza kukatikakatika.

Kitu kilichobadilisha sauti ya vile visikilizi vyangu, tena bila kuhitaji sarafu wala mpwa, ni vile vipira vya mpira laini vya mbele. Vilivyokuja vimevaliwa vilikuwa vya kati, na sikio langu la kushoto ni pana zaidi. Hewa ikipita pembeni, besi inatoroka yote, ngoma zinabaki "tap tap". Nikavaa kikubwa kushoto, cha kati kulia, na dumbak ikarudi mahali pake. Namna ya kujua: cheza wimbo wenye besi, sukuma visikilizi ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kipira si chako. Na kwenye daladala kuziba huko kunakusaidia pia usipandishe sauti mpaka mwisho.

Kwa hiyo kwenye data weka ubora wa juu wa kawaida, 256 ya AAC au 320, usiteremke kwenye ile ya kubana bando zaidi kama unapenda taarab. Ukiwa kwenye waifai ya nyumbani na bei haiongezeki, washa Lossless ukitaka, haina madhara ila itakujazia simu ukipakua. Hi-Res iache.

Na kuwa na tahadhari na nyimbo za zamani zinazogawiwa kwenye magrupu kwa jina la FLAC, aina ya faili ya Lossless. Nilitumiwa moja ya harusi ya miaka ya themanini, MB 80 na kitu. Nikaifungua kwenye programu ya Spek, inayochora sauti kwa rangi, nikakuta rangi zimekatwa kama kwa rula kwenye kHz 16. Mkato ulionyooka hivyo kwa kawaida ni alama ya MP3 ya 128. Kaseti hufifia pole pole kwenda juu, haikatwi kwa rula. Mtu alichukua MP3, akaigeuza FLAC, ikawa kubwa mara saba na sauti ni ileile.

Ukishaitazama hiyo kodeki, andika hapa imesomeka nini na simu yako ni aina gani. Kama ni LDAC nitakuonyesha pa kuilazimisha 660, maana kwa mizunguko ya mjini ndiyo nimeona haikatiki.