Hamisha saa ya kuamka kabla ya KCSE, usingizi utafuata

Hapa Kisumu nafundisha watahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, na wengi wao ni watu wa usiku. Mchana wanachuuza au wanalea, vitabu vinafunguliwa saa nne usiku nyumba ikishatulia, na taa inazimwa saa nane au tisa. Wakifanya hesabu usiku huo wanaziweza vizuri. Kasoro ni kwamba mtihani unaanza saa mbili asubuhi, wakati ambao wao huwa bado wamelala fofofo.

Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja wa Kondele anayemsaidia mamake kuuza samaki wa kukaanga jioni. Alikuwa akiamka saa tatu asubuhi. Nilimpa karatasi ya kwanza ya Hisabati aifanye saa mbili kamili hadi saa nne na nusu, kama siku yenyewe. Maswali manne ya mwanzo yalijaa makosa ya kitoto: alama ya kutoa imepotea njiani, 7 imenakiliwa kama 1. Kuanzia swali la kumi kazi ikanyooka. Ukiona karatasi ya namna hiyo, usikimbilie kumrudishia mtoto aljebra. Somo analijua, ila akili ilikuwa haijaamka.

Tulipanga kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili apate saa mbili na nusu za kuchangamka kabla ya karatasi. Kutoka saa tatu hadi hapo ni saa tatu na nusu za kurudisha nyuma. Tulirudisha nusu saa kila baada ya siku mbili, kazi ya wiki mbili, na tukaacha wiki nzima ya akiba kabla ya karatasi ya kwanza.

Mbona asiruke mara moja? Saa ya mwili inafuata mwanga, na mwanga una masharti yake. Ukiupata karibu na saa yako ya kawaida ya kuamka, unairudisha saa hiyo nyuma, kesho uamke mapema. Ukiupata mapema mno, mwili ukiwa bado katikati ya usiku wake, unaweza kuisukuma upande usioutaka. Ndiyo maana anayejilazimisha kuamka ghafla huwa mchovu wiki nzima na usiku bado hasinzii.

Kwa hiyo kila alipoamka alitoka nje mara moja, akaketi uani na kikombe chake karibu nusu saa, hata siku za mawingu, maana mwanga wa nje unaishinda balbu kwa mbali sana. Alipofikia saa kumi na moja na nusu giza lilikuwa bado limetanda, akawa anawasha taa na kutoka jua likichomoza. Mwanzoni mwa Novemba Kisumu jua huchomoza yapata saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Siku ya tatu alinijia, macho mekundu. “Mwalimu, naamka vile ulisema, lakini usiku usingizi haunijii.”

“Usiufuate kitandani. Shikilia saa ya kuamka tu.”

Uchovu wa mchana ndio ulioleta usingizi mapema, baada ya siku kadhaa. Simu iliwekwa mbali saa moja kabla ya kulala. Chai ya majani na kahawa zilikoma saa nane mchana, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mamake naye alikubali kumwachilia kibandani saa mbili usiku badala ya saa tatu, na hilo ndilo lililohitaji maneno mengi kuliko yote.

Masomo nayo yalihama. Kila hatua aliyopiga, Hisabati ilisogea kuelekea saa mbili asubuhi, na usiku ukabakiwa na kazi nyepesi kama kusoma riwaya teule au kupitia msamiati.

Kinachoharibu mpango huu huku kwetu ni matanga na kesha za kanisani. Huwezi kumwambia mtu asiende kumzika jamaa yake. Akikesha, asilipize kwa kulala hadi mchana. Aamke saa moja tu baada ya saa yake mpya, alale dakika ishirini adhuhuri, kisha arudie hatua aliyokuwa nayo kwa siku mbili.

Na kama zimebaki siku nne tu, usijaribu safari yote. Rudisha saa moja au moja na nusu, na asubuhi ya mtihani fanya hesabu mbili rahisi nyumbani kabla ya kutoka, ili swali la kwanza la karatasi lisiwe la kwanza la siku.