Kadi ya Jira imefungwa, tiketi ya mteja bado

Kwenye kampuni ya programu yenye dawati la huduma kwa wateja, tatizo moja huishi mahali pawili. Dawatini kuna tiketi, ambamo mteja analalamika na kujibiwa. Kwa madevelopa kuna kadi, ambamo kazi ya kurekebisha inapangwa na kufuatiliwa. Sisi dawatini tunatumia Zendesk, madevelopa wanatumia Jira, na kazi ya kuziunganisha ni yangu. Wanaoniomba ushauri karibu wote huuliza jambo lilelile: nifanyeje ili kila kinachobadilika huku kibadilike na kule? Huwa nawaambia waachane na wazo hilo. Vinavyostahili kuvuka ni vichache, na kimoja kati yake, yaani habari kwamba tatizo limekwisha, ndicho kinachowagombanisha watu na wateja kikivuka kabla ya wakati.

Nitaeleza kwa mfano wa hitilafu moja. Programu yetu ni ya simu, ya kuendeshea duka: mauzo, stoku, madeni. Mwenye duka la jumla Kariakoo anatuandikia kwamba aliuza katoni za sabuni wakati intaneti imekatika, iliporudi mauzo yakaonekana, lakini stoku imebaki vilevile kana kwamba hakuna kilichotoka. Mhudumu anamuuliza toleo la programu na aina ya simu, anazima intaneti kwenye simu ya ofisini, anauza, anaiwasha tena, na tatizo linajitokeza. Anatafuta Jira kama lipo tayari. Halipo, kwa hiyo anafungua kadi `POS-418`.

Hapo ndipo kiungo kinawekwa, na ni muhimu kikae mahali maalumu, si ndani ya maelezo. Kwenye tiketi tumeongeza sehemu ya kuandikia namba ya kadi, ya aina ya `Regex`, inayokubali muundo huu tu:

```
^POS-\d+$
```

Bila kizuizi hicho mmoja ataandika "pos 418", mwingine atabandika anwani nzima ya ukurasa, na siku ya kutafuta tiketi zote za kadi hiyo utapata nusu yake. Ndani ya kadi tunaweka lebo ya `mteja`, kisha tunaandika namba ya tiketi, toleo la programu, na hatua za kulirudia tatizo. Jina la mteja, namba yake ya simu na picha za skrini zenye majina ya wadeni wake zinabaki Zendesk. Kadi husomwa na watu wengi, wakiwemo wa mkataba, na hakuna anayehitaji namba ya simu ya mwenye duka ili arekebishe hesabu ya stoku.

Tiketi nayo inabadilishwa hali. Wengi huiweka `Pending` kwa kuwa "inasubiri". Lakini `Pending` kwenye Zendesk maana yake tunamsubiri mteja, na ofisi nyingi zimeweka ujumbe wa kujituma wenyewe kumkumbusha mteja ajibu. Fikiria umeripoti tatizo, umejibu kila swali, halafu baada ya siku mbili unaambiwa bado tunakusubiri wewe. Hali inayofaa ni `On-hold`: mhudumu anajua kazi iko kwa wengine, mteja kwake inaonekana bado iko wazi. Kama huioni kwenye orodha, msimamizi wa mfumo hajaiwasha.

Wiki haijaisha, wenye maduka wengine wanaleta lalamiko lilelile. Kadi inabaki moja, tiketi zinaongezeka. Zendesk ina njia nzuri kwa hili: tiketi moja inapewa aina ya `Problem`, nyingine zinakuwa `Incident` zilizounganishwa nayo. Hiyo ya `Problem` ndiyo pekee inayozungumza na Jira. Mhudumu akipokea lalamiko la sita hahitaji kuigusa kadi, anaiunganisha tiketi na ile kuu tu. Faida yake nyingine ni kwamba dev hapati kelele kila mteja anapoongezeka, ila akitaka kujua ni maduka mangapi yameguswa anaangalia hesabu sehemu moja.

Sasa, nini kivuke? Kutoka dawatini kwenda kwa madevelopa: maelezo ya kiufundi mapya, basi. Mteja akisema tatizo linatokea hata intaneti ikiwepo, mhudumu analiandika hilo kwenye kadi kwa maneno yake. Kipaumbele hakivuki. Mteja mwenye hasira anaweza kuwa wa dharura dawatini bila hitilafu yake kuwa ya kwanza kwenye foleni ya madevelopa, na ukizifunga hizo mbili pamoja, pande zote zitaanza kubadilishiana vipaumbele usiku na mchana.

Kutoka kwa madevelopa kuja dawatini: hali ya kadi, toleo litakalobeba rekebisho, na sababu ya kufungwa. Maoni yao hayavuki. Dev ameandika kwa ajili ya dev mwenzake, mara nyingine kwa lugha ya kijiweni, na haandiki vizuri akijua mteja anasoma. Hata hizo habari tatu zinaingia kama maelezo ya ndani. Ukiandika kwa programu yako mwenyewe, taja wazi kwamba si ya hadharani, usiuachie mfumo uamue:

```json
{"ticket": {"comment": {
  "body": "POS-418: Done, toleo 4.12.1",
  "public": false}}}
```

Neno moja hilo la `false` ndilo linalozuia barua pepe kumfikia mteja. Na akaunti inayoandika iwe ya peke yake, si ya mtu, ili programu yako iweze kupuuza mabadiliko iliyoyafanya yenyewe. Usipofanya hivyo, Zendesk itaiambia Jira, Jira itaiambia Zendesk, na asubuhi utakuta kadi ina maoni mia ya kujirudia.

Tufike kwenye kiini. Dev anamaliza, msimbo unapitiwa na kuunganishwa, kadi inaingia `Done`. Mtu aliyeunganisha mifumo kwa kufuata hali tupu atakuwa amepanga kwamba `Done` ya Jira iwe `Solved` ya Zendesk. Basi wenye maduka wote wanapata ujumbe kwamba tatizo lao limekwisha, na programu iliyo mkononi mwao ni ileile ya jana. Wa Kariakoo anajaribu, stoku haipungui, anarudi. Safari hii haulizi, anagomba, na ana haki.

`Done` ya dev inasema msimbo umeingia kwenye hazina kuu. Kati ya hapo na simu ya mteja kuna kutengeneza toleo, ukaguzi wa Google Play unaoweza kuchukua siku kadhaa, kisha usambazaji wa hatua kwa hatua kama mmechagua kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji. Halafu kuna mteja mwenyewe, aliyezima masasisho ya kujiendesha ili bando lisiishe.

Kwa hiyo tunachofuata ni toleo. Kila kadi yenye tiketi lazima ijazwe `fixVersion` kabla ya kufungwa, na `POS-418` ilijazwa 4.12.1. Mwenye jukumu la matoleo huliweka toleo kuwa `Released` Jira pale tu usambazaji unapofika asilimia 100, si linapoanza kusambazwa. Jira hutoa taarifa ya tukio hilo kwa jina la `jira:version_released`, na hiyo ndiyo inayoamsha dawati. `Done` yenyewe inaleta maelezo ya ndani tu, ili mhudumu akiulizwa aseme kweli: "Rekebisho limeshaandikwa, mama, litakuja kwenye toleo 4.12.1, nitakujulisha likitoka."

Baada ya hapo bado hatuzifungi tiketi moja kwa moja. Ukiweka tiketi ya `Problem` kuwa `Solved`, zote zilizounganishwa nayo zinakuwa `Solved` pamoja nayo, na jibu uliloandika linaenda kwa kila mmoja. Ni rahisi, lakini liandike jibu kama la mtu asiyejua kama mteja ameshasasisha: mwambie afungue Play Store, asasishe, aangalie chini ya mipangilio kama inasomeka 4.12.1, kisha aujaribu uuzaji mmoja bila intaneti. Kwa hitilafu hii kulikuwa na jambo la ziada ambalo Jira isingetukumbusha: toleo jipya linazuia kosa lisitokee tena, lakini stoku iliyokwisha kuharibika haijirekebishi. Mteja alihitaji kuhesabu upya bidhaa alizouza siku za kukatika. Hilo linajulikana kwa kumuuliza dev swali moja kabla ya kuandika jibu: data za zamani zimepona?

Mteja akijibu ndani ya muda, tiketi iliyo `Solved` inafunguka tena. Zendesk kwa kawaida huja na utaratibu unaoigeuza kuwa `Closed` baada ya siku nne, na ikishakuwa hivyo haifunguki, jibu lake linazaa tiketi nyingine yenye namba nyingine. Kwa mwenye duka anayesasisha simu mwisho wa mwezi siku nne ni chache, sisi tumeongeza. Akisema tatizo bado lipo, kwanza toleo. Likiwa la zamani, hakuna la kumpelekea dev. Likiwa 4.12.1 kweli, tunafungua kadi mpya na kuiunganisha na `POS-418`. Kuifungua tena ile ya zamani kunavuruga historia, kwa sababu itaonekana haijakwisha ilhali toleo lake limeshatoka.

Kuna mwisho mwingine wa kadi unaosahaulika: kufungwa bila kurekebishwa. Jira huweka sababu kando na hali, kwenye `Resolution`. Kadi iliyofungwa kama `Won't Do` au `Cannot Reproduce` nayo iko `Done`. Hizo zinarudi kwa mhudumu, kwa sababu anayepaswa kumweleza mteja ni mtu. Mbaya kuliko zote ni `Duplicate`. Dev anagundua kadi mbili ni kitu kimoja, anafunga mojawapo, na tiketi zilizoning'inia kwenye iliyofungwa zinabaki yatima, hakuna habari itakayowafikia tena. Anayefunga kwa `Duplicate` aandike kadi iliyobaki, na dawati lihamishe namba kwenye tiketi siku hiyohiyo.

Kiungo cha kujiendesha hukatika kimyakimya: neno la siri limebadilishwa, mtu amebadili jina la hali kwenye mradi. Huoni kosa lolote, unaona utulivu tu. Ndiyo maana kila Jumatatu mhudumu mmoja anafungua tafutizi hii Jira:

```
project = POS AND labels = mteja
AND status = Done AND resolution = Done AND fixVersion is EMPTY
```

Chochote kinachotokea hapo ni ahadi isiyo na tarehe. Kisha anabadilisha mwisho uwe `fixVersion in unreleasedVersions()` apate zinazosubiri kutoka. Zendesk anatafuta `status:hold`, anapitia kila tiketi akilinganisha namba yake na kadi. Iliyo `On-hold` huku toleo la kadi limeshatoka inaonyesha kiungo kimekatika wapi, na mara nyingi anakuta moja ambayo namba yake ni ya kadi iliyofutwa.