Wasifu wa Mama Direkta kwa mkutano wa wazazi: anzia kwenye rejista

Ndugu mnaoanza kazi ya usekretari wa shule au wa COPA, yaani kamati ya wazazi, hapa Lubumbashi, kuna karatasi moja ambayo mtaombwa kuiandika haraka, mara nyingi siku mbili tu kabla ya mkutano mkuu wa wazazi. Ni wasifu wa direkta, ule unaowekwa kwenye programu na kusomwa na mtu wa protokole kabla direkta hajasimama kusema. Wengi wanafungua kabati, wanatoa CV ya zamani ya Kifaransa iliyopelekwa kwa wakubwa wa elimu, wanaitafsiri na kuipunguza. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu ile CV iliandikwa kwa mtu anayetafuta kujua kama direkta anastahili cheo. Mzazi aliyeacha meza yake kwenye soko la Kenya hapa mjini ili aje kuketi kwenye benchi la darasa la pili anataka kujua kitu kingine: mtoto wangu yuko mikononi mwa nani, na mtu huyo anafanya nini mtoto akipata shida?

Basi, diploma na vyeo vipeni sentensi moja. Aliyesomea ualimu, akafundisha madarasa ya chini miaka mingi, kisha akawa direkta, hayo yanatosha. Andikeni mwaka wenyewe, "tangu 2018", msiandike "miaka kadhaa iliyopita", maana programu hizi zinachukuliwa tena mwaka unaofuata bila mtu kuzisoma upya. Mahali pa kuzaliwa na teritware ya asili, ambavyo CV zetu hupenda kuvitanguliza, mimi huviacha kabisa. Katika mji huu tunatoka sehemu nyingi, na kumbukumbu za mwaka 1992 na 1993, jirani alipofukuza jirani, bado zimo ndani ya familia. Mkutano wa wazazi hauhitaji kujua direkta ni wa wapi ili kumsikiliza.

Sasa tuje kwenye matokeo, kwa sababu hapo wazazi wanadanganyika kwa urahisi zaidi, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya. Sentensi inayopendwa ni hii: "Chini ya uongozi wake shule ilipata 93% kwenye mtihani wa taifa." Kwanza, mzazi wa kwetu amezoea kuona asilimia kwenye biltini ya mtoto wake, na pale asilimia ni pointi. Akisikia 93% anaelewa kwamba watoto walipata pointi tisini na tatu kwa mia, kumbe wewe ulitaka kusema idadi ya waliofaulu. Nimeona baba mmoja akisimama kuuliza kwa nini mwanawe alipata 57 wakati shule nzima ina 93. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Andikeni watoto: watoto wangapi kati ya wangapi.

Pili, lazima ujue "kati ya wangapi" inaanzia wapi. Tuchukue mfano wa shule moja. Mwezi wa Septemba watoto 62 waliandikishwa darasa la sita. Walioketi kwenye ENAFEP, mtihani ambao wazazi wengi bado wanauita TENAFEP, walikuwa 58. Waliofaulu ni 54. Ukigawanya 54 kwa 58 unapata 93%. Ukigawanya 54 kwa 62 unapata 87%. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini ile ya kwanza inawasahau watoto wanne ambao Septemba walikuwa na kiti darasani. Ndiyo maana ninawaambia mwandike namba zote tatu: walioanza, walioketi, waliofaulu. Mzazi anazielewa bila hesabu yoyote, na direkta anayekubali zisomwe mbele ya watu wote ameshaonyesha uongozi wake kabla hajafungua kinywa.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kuziamini hata hizo tatu. Chukua rejista ya darasa la tano ya mwaka uliotangulia. Kama watoto wengi isivyo kawaida walirudishwa kurudia la tano, inawezekana darasa la sita lilichujwa mapema ili mtihani upendeze. Dalili nyingine ni watoto wanaohamishwa mwezi wa nne au wa tano, karibu kabisa na mtihani. Ukiziona dalili hizo, nenda kwa direkta ukamuulize kwa heshima kabla hujaandika chochote. Huenda kuna sababu njema, kwa mfano familia zilizohama. Lakini kama hakuna, usiweke matokeo ya mtihani kuwa kiini cha wasifu. Chagua kitu kingine ambacho rejista inakiunga mkono.

Na msikimbilie kuandika "tumepanda". Katika darasa la watoto 58, mtoto mmoja peke yake ni karibu pointi mbili za asilimia. Watoto wawili wakiugua malaria siku ya mtihani, shule "inashuka", wakipona, "inapanda". Kulinganisha na miaka ya kabla ya Septemba 2019 ni kugumu zaidi, kwa sababu elimu ya msingi ya bure ilipoanza madarasa mengi ya serikali yalijaa watoto ambao zamani walikuwa nyumbani kwa kukosa ada. Direkta aliyepokea watoto hao wote anaweza kuwa na asilimia ndogo kuliko aliyemtangulia na bado akawa amefanya kazi kubwa kuliko yeye. Idadi ya watoto darasani iandikwe kando ya matokeo, la sivyo unamwonea mmoja na kumsifu mwingine bure.

Upande wa ustawi wa watoto, maneno kama "anawapenda watoto wote kama wazazi wao" yaondoeni. Jaribio langu ni jepesi: ninabadilisha jina la shule, ninaweka la shule ya jirani, kisha ninaisoma sentensi tena. Ikibaki kweli vilevile, haimhusu direkta wetu. Tafuteni tendo linalorudiwa, lenye saa yake na mtu wake. Direkta mmoja ninayemheshimu sana alikuwa na utaratibu huu: kila siku saa ya mapumziko, kila mwalimu anampelekea kikaratasi chenye majina ya wasiofika. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, mjumbe wa COPA anayekaa karibu na avenyu ya mtoto huyo anapita kwao jioni. Anachokikuta ni mambo ya kawaida ya mji wetu: homa, sare iliyochanika, mtoto aliyetumwa kuuza karanga barabarani, msichana anayebaki kulea mdogo wake mama akienda sokoni. Kila ziara inaandikwa mstari mmoja kwenye daftari. Daftari hilo lina thamani kuliko sifa zote, kwa kuwa unaweza kuhesabu ndani yake wangapi walitembelewa na wangapi walirudi.

Hapo hapo ndipo penye hatari kubwa ya kumuumiza mtoto. Mwandishi mgeni anataka wazazi waguswe, anaandika: "kwa mfano yatima mmoja wa avenyu fulani, mwanafunzi wa darasa la nne, ambaye alikuwa analala njaa". Jina halipo, lakini ukumbini wote wanamjua, na kesho yake wenzake wanamwita kwa shida yake. Usiandike avenyu, darasa, yatima wala ugonjwa pamoja. Hata namba ndogo inaweza kumfichua mtu. Ukiandika "mmoja aliacha shule", watu wataanza kumtafuta huyo mmoja. Mchanganye na waliohama katika kundi moja. Picha ya mtoto mwenye shida isiwekwe kamwe kwenye programu, hata mzazi akikubali, maana mzazi anaogopa kumkatalia direkta.

Tukiunganisha, wasifu wa shule yetu ya mfano ungesomeka hivi:

"Mama Direkta anaongoza shule yetu tangu 2018. Kabla ya hapo alifundisha darasa la kwanza na la pili hapa hapa Katuba. Tangu 2022, kila siku saa ya mapumziko walimu wanamletea majina ya watoto wasiofika. Mtoto akikosa siku tatu, mjumbe wa COPA anapita nyumbani kwao. Mwaka wa shule uliopita watoto 31 walitembelewa, na 26 walirudi darasani. Darasa la sita lilianza na watoto 62. Walioketi kwenye mtihani wa taifa ni 58, na waliofaulu ni 54. Watoto wanne ambao hawakuketi walihama au waliacha. Vyoo vipya vilijengwa kwa matofali na mikono ya wazazi. Mama Direkta alitunza hesabu, nazo zimebandikwa mlangoni pa ofisi. Mwaka huu anawaomba wazazi jambo moja: mtoto akiugua, mwalimu ajulishwe siku ile ile."

Angalieni sentensi ya vyoo. Kwenye rasimu nyingi ningekuta "alijenga vyoo vya kisasa", na wazazi waliobeba matofali wangeanza kunong'ona kutoka benchi la nyuma. Ukimpa kila mtu sehemu yake, ile sehemu ya direkta, yaani kutunza hesabu na kuziweka wazi, inaonekana vizuri zaidi. Angalieni pia 31 na 26: watano hawakurudi, na wasifu hauwafichi. Direkta ajiandae kuulizwa juu yao, na jibu lake litolewe kwa ujumla, bila kisa cha nyumba ya mtu.

Urefu ni kama huo, maneno mia moja hivi, maana unasomwa kwa sauti ndani ya darasa lililojaa, pengine mvua ikipiga mabati ya paa. Someni kwa sauti wenyewe kwanza. Sentensi inayowakatisha pumzi igawanyeni. Kama programu inachapwa kwa Kifaransa, Kiswahili kibaki ndicho kinachosomwa, kwa sababu wengi waliopo watakumbuka walichokisikia.

Kabla ya kupiga chapa, karatasi ipite kwa watu watatu, kila mmoja na kazi yake. Mwalimu wa darasa la sita athibitishe zile namba tatu akiwa na rejista mkononi. Rais wa COPA aangalie kama kazi ya wazazi imetajwa inavyostahili. Direkta mwenyewe asome mwisho, na akitaka kuongeza sifa, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi shuleni, ikiwepo, iingie. Kisha nakala moja iwekwe kwenye faili pamoja na kikaratasi cha hesabu, ukitaja namba ipi imetoka kwenye rejista ipi, ili sekretari wa mwaka ujao aweze kuzikagua upya.