Zawadi ya mwenzako wa mbali, inunue hukohuko aliko

Naratibu timu ambayo kila mtu anafanyia kazi nyumbani kwake, nchi mbalimbali, na hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kushukuriana kwa zawadi tunakupenda, na katika miaka hii nimefika mahali nina kanuni moja ninayoishikilia sana: zawadi isivuke mpaka kama kuna namna ya kuinunua upande ule wa pili.

Mwenzetu mmoja, kabla hajaja kwetu, alitumiwa na mwajiri wake wa wakati huo sweta na chupa ya maji yenye nembo ya kampuni. Kifurushi kikakwama forodhani. Akaletewa ujumbe kwamba alipe ushuru, kodi, na juu yake ada ya msafirishaji kwa kushughulikia makaratasi. Vyote pamoja vilizidi bei ya sweta. Akaacha kirudishwe kilikotoka, halafu ikambidi atafute maneno ya heshima ya kumweleza bosi kwa nini zawadi haijapokelewa.

Watu wengi huamini kwamba ukishaweka alama kwenye kisanduku cha "zawadi" katika fomu ya forodha, mambo yamekwisha. Forodha huangalia anayetuma ni nani. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, zawadi isiyozidi thamani ya yuro 45 husamehewa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, lakini ni lazima itoke kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi. Ikitumwa na kampuni, hata kama ndani mna kadi ya kumpongeza mtu, kwao huo ni mzigo wa biashara. Tangu Julai 2021 mizigo ya aina hiyo inayoingia huko hulipiwa kodi ya ongezeko la thamani hata ikiwa ya thamani ndogo. Nchi nyingine zina viwango vyao, na hubadilika, kwa hiyo kanuni ya mwaka jana usiitegemee bila kuitazama upya.

Kununua hukohuko kunaliondoa tatizo lote hilo, ila kuna kazi ndogondogo ambazo usipozifanya zawadi inaharibika kwa njia nyingine. Nieleze nilivyofanya mara moja.

Tulikuwa na dada mmoja katika timu aliyehamisha kumbukumbu za wateja wetu kwenda kwenye mfumo mpya. Kazi hiyo aliifanya usiku wa kwao, ili mchana wetu usikatike. Kila anayejiunga nasi tunampa fomu fupi ya hiari: unapenda nini wakati wa mapumziko, kuna kitu gani hutumii au huli, ungependa kifurushi kipelekwe wapi, au ungependelea usiletewe chochote nyumbani? Swali hilo la mwisho lazima liwemo kwenye fomu, kwa sababu anwani ya nyumbani ni siri ya mtu na wapo wasiotaka ijulikane kazini. Yeye alikuwa ameandika kwamba anachora kwa rangi za maji, na kwamba vifurushi vyake huvipokelea kwenye kituo cha kuchukulia mizigo karibu na kwake.

Nikatafuta duka la vifaa vya uchoraji lililo nchini kwake, kwa kuandika jina la kifaa kwa lugha ya huko. Nikachagua brashi na karatasi nzito za kuchorea. Rangi zenyewe sikugusa, maana mchoraji huwa na zake alizozizoea. Anwani niliinakili vilevile alivyoiandika yeye, kwa maandishi ya kwao, bila kuipanga upya, na nikaweka namba yake ya simu ikiwa na msimbo wa nchi, kwa kuwa msafirishaji asipompata kwa simu kifurushi hurudi. Nikaangalia kama duka linakubali kadi ya benki ya nje kabla ya kujaza kila kitu. Nikachagua bei isionekane kwenye karatasi ya ndani. Na kwa kuwa wiki zile alikuwa analala asubuhi, kupeleka kituoni kulikuwa na maana zaidi: hakuna wa kumgongea mlango akiwa usingizini.

Ujumbe wa kadi niliuandika mwenyewe. "Asante kwa kazi nzuri" angeweza kuandikiwa mtu yeyote. Niliutaja usiku ule aliogundua kwamba tarehe za malipo zimesogea siku moja, akasimamisha kazi na kuzirekebisha kabla mteja hajaamka. Mtu anayefanya kazi wenzake wakiwa wamelala huwa hana uhakika kama kuna aliyeona. Sentensi mbili zenye jambo kamili zinampa uhakika huo, na kwangu hizo ndizo zawadi. Brashi zimezisindikiza tu.

Pale ambapo hapana budi kutuma kutoka nje, labda kwa sababu kitu chenyewe hakipatikani kwingine, lipia kila kitu mwanzoni. Kampuni za usafirishaji huwa na chaguo linaloandikwa DDP, maana yake mtumaji ndiye anayebeba ushuru na kodi hadi mlangoni. Ukiona DAP, ujue bili itamfuata mpokeaji. Kwa njia ya posta utajaza fomu CN22 au CN23 kulingana na thamani. Hapo andika kitu kwa jina lake: "daftari la karatasi, 1" hupita kwa urahisi kuliko "zawadi" au "vitu mbalimbali", maneno ambayo humfanya afisa afungue sanduku. Andika thamani ya kweli. Na epuka pawabanki na vifaa vingine vya betri za lithiamu, kwa kuwa usafiri wa ndege una masharti makali juu yake na posta nyingi huvikataa.

Kadi za zawadi za kielektroniki zinaonekana kuwa suluhisho, na zinafaa, lakini nyingi hufanya kazi katika duka la nchi moja tu. Kadi iliyonunuliwa kwenye tovuti ya nchi yako inaweza kukataliwa kwenye tovuti ya nchi yake, hata kama jina la duka ni lilelile. Inunue kwenye tovuti ya kwake, kwa sarafu ya kwake. Tena mwulize mhasibu kwanza: Marekani, kwa mfano, kadi anayopewa mwajiriwa huhesabiwa kama fedha taslimu na hutozwa kodi ya mapato hata ikiwa ya kiasi kidogo.

Barua pepe yenye kadi hiyo huipanga ifike saa tatu au saa nne asubuhi ya kwake, siku ya kazi ya kwake. Ijumaa yangu jioni kwa mwingine tayari ni Jumamosi, na si kila nchi hupumzika Jumamosi na Jumapili.

Kifurushi kikishafika, usimwombe apige picha akiwa nacho ili uibandike kwenye gumzo la timu. Akitaka mwenyewe, ataweka. Muulize faraghani kama amekipata, na kama hakijafika, namba ya oda unayo wewe. Wewe ndiye wa kuwasumbua wenye duka, yeye aendelee na shughuli zake.